ALILIPA NUSU YA PESA YA HOSPITALI, HAKUULIZA MKEWE ANAUMWA NINI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo sizungumzi na wanaopigana wala na waliotelekezwa. Hao tumewazungumzia sana, na tutawazungumzia tena in shaa Allah. Leo nazungumza na nyinyi ambao majirani wanazitolea mfano nyumba zenu. Kodi inalipwa kwa wakati. Ada imelipwa. Baba anaosha vyombo, mama ananunua gesi. Hamgombani. Na usiku mnalala kitanda kimoja kama abiria wawili kwenye basi la Mwanza: kila mmoja ameshalipa nauli yake, kila mmoja na simu yake, na hakuna anayejua mwenzake anakwenda kufanya nini huko aendako.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: hiyo si amani. Na sisi wahubiri tuna dhambi yetu humo, kwa sababu tumewafundisha watu haki za ndoa kama risiti. Umelisha? Ndiyo. Umevisha? Ndiyo. Basi umemaliza, nenda kalale. Watu wametusikia, wamemaliza, wamekwenda kulala. Na wanalia gizani.

Nitawapa kisa kimoja. Wahusika wote wawili wameniruhusu nikiseme, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Walikuja kwangu baada ya swala ya Ijumaa, mume na mke, wa hapa hapa Dar es Salaam. Ndoa ya miaka 11, watoto 3. Mume anafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mke anauza duka la dawa. Kodi yao ni 350,000 kwa mwezi. Wote wanafanya kazi, wote wanachoka, basi miaka 4 iliyopita walikubaliana kugawana. Walinunua daftari la kaunta, wakaliweka juu ya friji. Anayenunua kitu anaandika. Ijumaa usiku wanajumlisha, wanagawa kwa mbili, aliyetoa kidogo anamtumia mwenzake kwa simu. Kazi za ndani nazo vivyo hivyo: mke anapika, mume anaosha vyombo na kuwaogesha watoto asubuhi, Jumamosi wanafua pamoja.

Mke alianza kusema. Akaniambia, "Shekhe, mimi ndani ya ile nyumba sionekani."

Na mimi, Allah anisamehe, nikamjibu kama tulivyozoea kujibu. Nikamwambia, dada yangu, kuna wanawake wanakesha wakiomba wapate mume wa kuwaoshea vyombo, mshukuru Mola wako.

Hakubishana nami. Alifungua mkoba, akatoa lile daftari, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akaniwekea mbele. Palikuwa pameandikwa: sabuni ya unga, 9,000. Chini yake: hospitali, 85,000. Chini yake: bajaji ya watoto, 30,000.

Akasema, "Nilikuta uvimbe kwenye titi. Nilikwenda peke yangu, wakanipiga picha, wakachukua kinyama cha kupima, wakaniambia nisubiri majibu wiki mbili. Nilirudi nyumbani nikaandika pale makusudi. Nilisema moyoni, akiniuliza tu hii hospitali ni ya nani, nitamwambia yote. Ijumaa ilipofika alinitumia 42,500."

Nusu kamili. Hakupunja hata shilingi.

Nikamgeukia mume. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Nilidhani ni mtoto." Nikamuuliza, mtoto yupi? Hakuwa na jibu.

Sasa usimpige mawe haraka, maana na yeye alikuwa na lake. Baada ya kimya kirefu akasema kwamba miezi 4 nyuma aliondolewa kwenye cheo chake kazini, na posho ikakatwa. Nusu yake alikuwa akiendelea kuitoa kwa kukopa kwenye kikundi cha akiba. Mkewe alikuwa akimtazama, naye hajui lolote. Maneno yake ni haya: "Kila nikiingia ndani nakutana na swali, umelipa maji, umelipa maji? Nikaona huyu anamsubiri mlipaji. Hanisubiri mimi."

Wawili, chumba kimoja, kila mmoja amebeba mzigo wa kumuua, na daftari liko sawa.

Niliwaomba watoe simu zao tusome ujumbe walioandikiana siku 30 zilizopita. Tulihesabu pamoja, 94. Zilizohusu pesa na bili zilikuwa 51: luku imeisha, nimetuma, leta gesi. Za watoto 28: umemchukua, ana homework, kikohozi kimerudi. Zilizobaki 15 zilikuwa "sawa" na kidole gumba. Katika zote 94 hapakuwa na hata swali moja ambalo jibu lake si namba, si ndiyo, wala si hapana. Hapakuwa na "vipi leo". Hapakuwa na "nimekukumbuka". Hapakuwa na mzaha.

Ndipo nikaelewa ugonjwa uko wapi, na ndiyo maana naandika.

Ugonjwa hauko kwenye kugawana. Uko kwenye kile ambacho kugawana hakuwezi kukifanya. Pesa inagawanyika kwa sababu inahesabika. Vyombo vinahesabika, zamu zinahesabika. Hofu ya mwanamke anayesubiri majibu ya hospitali haina nusu, na aibu ya mwanamume aliyeshushwa cheo haina mahali pa kuandikwa kwenye daftari. Nyumba ikishajizoesha kuongea mambo yanayohesabika tu, yale mengine yanakosa mlango wa kutokea. Hayaondoki. Yanabaki ndani ya mtu, na mtu mwenyewe anaanza kujihisi hayupo.

Kuna jambo la pili. Kitu ukikifanya kuwa deni, shukurani inakufa. Zamani mume akimletea mkewe embe njiani, mke anasema ahsante, baba watoto. Sasa embe limeandikwa, 2,000, nusu 1,000. Nani humshukuru mtu kwa kulipa deni lake? Ukiangalia vizuri, shukurani si adabu tu. Ni njia ya kumwambia mwenzako, nimekuona. Ikiondoka hiyo, unaweza kuosha vyombo miaka 10 na usionekane hata siku moja.

Na ukimya wenyewe hauji kwa kishindo. Mtafiti mmoja wa Kimarekani, John Gottman, aliwachunguza wanandoa wapya, akarekodi mazungumzo yao ya kawaida, kisha akawafuatilia baada ya miaka 6. Aliangalia vitu vidogo sana. Mmoja anasema, tazama yule ndege. Mwenzake ama anatazama, ama anaguna, ama hajibu kabisa. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wamewaitikia wenzao katika miito kama hiyo mara 86 kwa kila mara 100. Walioachana, mara 33.

Sasa ipeleke kwenu. Mke anarudi kazini anasema, leo kaja bibi mmoja dukani kanichekesha. Mume yuko kwenye simu, anasema "mm". Mke hakasiriki, hilo ni jambo dogo. Kesho anasema lingine, anapata "mm" nyingine. Siku ya kumi hasemi. Na mume wala hagundui kwamba kuna kitu kimenyamaza, anafurahi tu kwamba leo nyumba imetulia. Mwaka mzima unapita. Siku mke anapokuwa na uvimbe, njia ya kuongea ilishaota majani zamani.

Wapo watakaoniambia, ustadhi, sisi ni watu wa ibada, nyumba yetu haina tatizo hilo. Basi sikiliza kisa kilichomo katika Swahih Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha undugu Salman na Abu Dardaa (r.a.). Siku moja Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo zilizochakaa, hajijali. Akamuuliza, una nini? Akajibu kwa maana ya kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia hii. Abu Dardaa alikuwa anafunga mchana na kusimama usiku. Usiku huo Salman alimzuia, akamwambia alale, mpaka mwisho wa usiku ndipo wakasali pamoja. Kisha akamfundisha kwamba Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na ahali zako wana haki kwako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ikafika kwa Mtume (s.a.w.), akasema Salman amesema kweli.

Zingatia, ndugu yangu. Abu Dardaa hakuwa mlevi, hakuwa mzinzi. Alikuwa mcha Mungu. Na bado mgeni ndiye aliyeona kwamba yule mwanamke hayuko sawa. Je, kwako ni nani atakayekuwa wa kwanza kuona? Shoga yake? Mwanamume wa ofisini kwake anayemuuliza, mbona leo umenyong'onyea? Wallahi wengi wameangukia kwenye haramu si kwa tamaa ya mwili. Wameangukia kwa sababu mtu mmoja wa nje aliwauliza swali ambalo ndani ya nyumba lilisahaulika.

Najua majibu mtakayonipa. Nitayajibu moja moja.

Kuna ndugu zangu watasema kosa ni la mke kuchangia, mwanamke angekaa nyumbani haya yasingetokea. Hii ni hoja dhaifu. Ni kweli nafaqa ni wajibu wa mume, na anachotoa mke kutoka kwenye mali yake ni hisani. Lakini nimekaa na wake ambao waume zao wanalipa kila kitu mpaka vocha, na malalamiko ni yale yale: ananiachia pesa mezani kama anayelipa parking. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya sheria. Tena kama ni hisani, basi wewe mume umeishukuru lini mara ya mwisho?

Kuna anayesema, shekhe nimechoka, nimetoka kazini, foleni saa 2. Uchovu ni kweli. Lakini mtu huyo huyo saa 4 usiku ana nguvu za kubishana Simba na Yanga kwenye kundi la watu 200 ambao hata sura zao hazijui. Uchovu wako unachagua. Mtume (s.a.w.) alikuwa kiongozi, kadhi, jemedari na imamu, mchana kutwa watu wako mlangoni pake. Bibi Aisha (r.a.) anatusimulia kwamba akishasali rakaa mbili za kabla ya Alfajiri, kama Aisha yuko macho, alizungumza naye, na kama amelala, alijilaza mpaka aje kuitwa kwenye swala. Dakika chache hizo. Hakusubiri apate likizo.

Na kuna anayesema, wanaume hatuongei, ndivyo tulivyoumbwa. Mtume (s.a.w.) alimwambia Aisha kwamba anajua wakati yuko radhi naye na wakati amemkasirikia. Akamuuliza, unajuaje? Akamfafanulia kwamba ukiwa radhi unaapa kwa Mola wa Muhammad, na ukikasirika unaapa kwa Mola wa Ibrahim. Subhanallah! Alisikiliza mpaka akajua tofauti ya kiapo. Wewe mkeo amebadilisha nini mwezi huu? Anapokasirika anakuita nani, baba watoto au anakukatia tu "wewe"?

Na wewe dada yangu, usicheke pembeni. Yule mke alikosea pia, na nilimwambia mbele ya mumewe. Kuandika "hospitali" kwenye daftari na kusubiri uulizwe ni mtego, na mtego si mazungumzo. Ukimtega mtu aliyelala, atanasa kila siku, na wewe utakusanya ushahidi kila siku, mpaka siku moja uwe na kesi kamili na huna mume. Sema. Sema hata kwa sauti inayotetemeka: naogopa, nimeona uvimbe. Naye mume, aliposhushwa cheo, heshima yake haikuwa kwenye kukopa kimya kimya. Mkewe angemlaumu? Huenda. Lakini angejua analala na nani.

Sasa nini kifanyike? Sikuwaambia waende hotelini ufukweni, wala sikumwambia mume anunue marashi. Niliwapa kazi moja. Kila usiku baada ya Isha, watoto wakishalala, dakika 20. Simu zinabaki chumba kingine. Na kuna sharti gumu: ndani ya dakika hizo ni marufuku kutaja pesa, watoto, au kazi za nyumba. Hayo yana wakati wake Ijumaa na daftari lao. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, kesho mnabadilishana.

Na ufundi wenyewe uko kwenye swali la pili. Swali la kwanza kila mtu analijua: leo vipi? Jibu lake ni salama tu, na mazungumzo yanafia hapo. Swali la pili linachukua neno alilosema mwenzako na kulifuata. Akisema "salama, ila bosi leo alikuwa na maneno", usiseme "mvumilie". Uliza, alikwambiaje? Kisha, wewe ulijisikiaje pale mbele ya wenzako? Usitoe ushauri mpaka uombwe. Mwenye kushauri haraka mara nyingi anataka mazungumzo yaishe.

Niliwaonya pia, na yote yakatokea. Siku 3 za mwanzo walikaa kama watu waliokutana msibani, hawana la kusema, mume akawa anatazama saa. Hilo ni la kawaida, kinywa kisichotumika kinapata kutu. Hatari ilikuwa wiki ya pili. Mlango ukishafunguka, kinachotoka kwanza si mapenzi, ni malalamiko ya miaka 4. Mke alianza: ulinilipa nusu, ulinilipa nusu! Hapo wengi wanaharibu, kwa sababu mume anajitetea, na kikao kinageuka mahakama. Nilikuwa nimemwambia, siku hiyo ikifika, usijitetee, sema tu, ni kweli sikukuuliza, nieleze ilikuwaje siku ile ulipokuwa pale peke yako. Alisema hivyo. Mke akalia mpaka saa 6 usiku, na akaeleza tangu alipopanda daladala kwenda hospitali. Majibu yalikuwa yametoka kabla hawajaja kwangu, alhamdulillah uvimbe haukuwa saratani. Mume alikuwa hajui hata hilo, alilisikia kwa mara ya kwanza siku ile mbele yangu.

Lakini dawa hii si ya kila ukimya, na nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya. Angalia mwenzako anavyokuwa kwa watu wengine. Kama amenyamaza kwako, kazini na msikitini, hali vizuri, halali, hacheki hata na watoto, huyo huenda anaumwa. Mpeleke kwa daktari, dakika 20 hazitamtosha. Kama kwa watu wote ni mchangamfu na kwako peke yako anakata neno siku 5 mpaka umuombe radhi kwa kosa usilolijua, huo si uchovu, hiyo ni adhabu, na ukimuuliza maswali laini atakuadhibu zaidi. Na kama kuna kipigo au vitisho, usikae naye dakika hata moja ya mazungumzo bila mtu wa kukulinda. Hapo ndipo penye kazi ya wazee wa pande mbili. Qur'ani katika Suratun Nisaa aya ya 35 imeelekeza msuluhishi kutoka kwa watu wa mume na msuluhishi kutoka kwa watu wa mke. Usione aibu kuwaita. Aibu ni kungoja mpaka muitwe na kadhi.

Wale wawili bado wana daftari lao juu ya friji. Sikuwaambia walitupe, linawasaidia. Bado wanagombana, tena sasa kuliko zamani, na mke aliniambia kwa simu kwamba heri ugomvi huu. Deni la kikundi wanalilipa pamoja, na mara hii hawakuligawa.

Wewe unayesoma, usinijibu "maa shaa Allah shekhe" ukaendelea kupekua. Fungua ujumbe wako na mwenza wako, rudi nyuma siku 30, usome mpaka mwisho. Tafuta swali moja tu ambalo halikuhusu kitu. Ukilikosa, funga simu, nenda alipo, ukae.

Allah atujaalie kuwa vazi kwa wenza wetu kama alivyotusifu katika Kitabu chake, na atuepushe na nyumba zilizojaa watu wapweke. Aamin.

Wabillahi tawfiq.